Wajomba wa Malimi

Bernadeta alikaanga mapanki kwenye kona ya stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, upande ambao moshi haukuwakera abiria. Panki, kwa asiyelijua, ni uti wa mgongo wa sangara pamoja na kichwa chake, na nyama kidogo iliyosahauliwa na visu vya kiwandani. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mifupa. Kwenye redio waliita hali hiyo soko huria. Bernadeta aliiita kazi, akawasha jiko kila asubuhi bila kuisifu wala kuilaani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto, na maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba wateja wapya walidhani anaringa. Hakuwa na kiburi chochote. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Bernadeta alikatazwa kumtaja, na mtu aliyezoea kukwepa jina moja huishia kuyakwepa na mazungumzo mengine yanayoweza kumfikisha huko.

Mtu huyo alikuwa mama yake mzazi, Paskazia. Kwao ni ng'ambo ya ghuba, huko nyuma ya Sengerema. Paskazia alizika watoto wawili wa kiume, Shimba na Jonathan, kaka zake Bernadeta. Wote wawili walikuwa vijana wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba. Wote wawili walikuwa viziwi, wakavimba uso na miguu, wakaishiwa pumzi na kufa wakiwa bado hawajafikisha miaka thelathini. Uziwi ulikuwa na maelezo yake: mashine za jineri, kila mtu alizijua kelele zake. Vifo havikuwa na maelezo, na kijiji kisichokuwa na maelezo hutafuta mtu. Kilimpata Paskazia, mjane aliyekuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni. Wakasema amewala wanawe, wakaichoma nyumba yake. Alinusurika kwa kuwa hakuwemo ndani, akaenda kupanga chumba Sengerema mjini.

Masalu alimwoa Bernadeta akiyajua hayo yote, na kwa hilo nampa haki yake. Ila aliweka sharti. Jina la mama mkwe lisitajwe nyumbani, na mkewe asikanyage huko. Bernadeta akakubali kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sharti likakaa hapo nyumbani miaka yote kama kabati, wakalizunguka bila kuligonga.

Mtoto wao wa kwanza ni Malimi, na wa pili ni Winnie. Malimi alianza kukojoa mkojo mwekundu akiwa hajaanza shule. Si mwekundu wa damu mbichi, ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Katika mkoa huu hakuna mzazi anayeshtuka kwa hilo. Watoto wanaogelea kwenye malambo na kukanyaga majaruba ya mpunga, wanapata kichocho, wanapewa vidonge kufuatana na urefu wao, basi. Kuna wavulana wanaojisifia kabisa, kana kwamba ni alama ya ukubwa. Malimi akapewa vidonge, na baada ya siku chache mkojo ukasafika. Miezi ikapita, akapata mafua makali, mkojo ukarudi kuwa wa chai. Akapewa vidonge tena, ukasafika tena. Mchezo ukawa huo kila mwaka, na hakuna aliyejiuliza kama mkojo ungesafika hata bila vidonge. Dawa inayofuatwa na nafuu nani ataishuku?

Shida ya pili ilianza alipofika darasa la nne. Alikuwa anamsikia baba yake, mwenye sauti nzito, lakini mama yake alimwita mara tatu bila jibu. Winnie alipomsemesha alimtazama tu mdomoni. Bernadeta alidhani ni utundu wa umri. Mwalimu alidhani ni jeuri na akamchapa. Masalu, ambaye alikuwa amepunguzwa kazi katika chama cha ushirika na sasa alimnunulia pamba mfanyabiashara binafsi, alisema mtoto anasikia anachotaka kusikia. Walimtia matone ya masikio yaliyonunuliwa duka la dawa, na walipoona hayasaidii wakamtia mengine.

Mwaka wa tisini na nane, Malimi akiwa na miaka kumi na minne, aliamka uso umevimba kuzunguka macho. Soksi za shule ziliacha alama iliyozama miguuni. Bernadeta alimtazama akiwa ameshika sufuria, akaiweka chini taratibu. Alikuwa ameshauona uso ule, mara mbili.

Kaka zake hakuwataja. Alimwambia mumewe mtoto amevimba, apelekwe hospitali kubwa.

Daktari aliyewapokea aliitwa Nestory Chenge, mtu wa makamo mwenye tabia ya kuandika huku akiuliza, tabia ambayo humfanya mgonjwa ajibu kalamu badala ya mtu. Alimpima Malimi presha, akaipima tena, kwa kuwa ilikuwa ya mtu mzima mwenye matatizo. Mkojo ulipelekwa maabara. Majibu yalisema hakuna yai hata moja la kichocho, ila kuna protini nyingi, na chembe za damu zilizoshikamana katika vijiti vidogo kama vilivyotoka kwenye mrija.

"Damu ya kichocho inatoka kwenye kibofu," alisema daktari. "Hii inatoka juu, kwenye figo zenyewe. Ndani ya figo kuna vichujio. Vya huyu vinavuja."

"Kwa sababu gani?" aliuliza Masalu.

"Sababu ni nyingi. Wengine huumwa koo, halafu figo zinachachamaa, kisha wanapona wenyewe. Kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua figo? Au aliyekuwa kiziwi tangu ujana?"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la heshima kabisa. Daktari aliuliza ukoo, na mtoto kwetu ana ukoo mmoja, wa baba yake. Ng'ombe wa mahari walishatoka, mtoto ni wa kina Masalu. Kwa hiyo Masalu alijibu, na alijibu ukweli mtupu. Alisema babu yake alikufa mzee sana akiwa bado anasikia ng'ombe wake wakikohoa zizini. Baba zake wadogo wote wazima. Kwao hakuna kiziwi, hakuna aliyevimba. Bernadeta alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Hakuulizwa, naye hakujiingiza katika ukoo usio wake.

Daktari akaandika hakuna. Akatoa vidonge vya kupunguza maji na vya presha, akasema warudi baada ya wiki mbili, kama ni yale ya koo yatakuwa yameanza kutulia.

Hayakutulia. Uvimbe ulipungua, lakini damu na protini vilibaki palepale. Wakati huo huo kaka yake Masalu, anayeitwa Ngosha, mtu mwenye ushauri mwingi kuliko mbuzi alionao, alikuja na habari za mganga wa Magu mwenye mizizi ya kukojoza sumu. Masalu alisikiliza. Alikuwa mtu mwenye akili, lakini mtoto akivimba akili ya mzazi hukaa popote panapokalika. Walikubaliana Malimi apelekwe kwa mganga pamba ikishauzwa.

Safari ya pili ya hospitali Bernadeta alikwenda na Malimi peke yao, maana Masalu alikuwa kwenye vituo vya kununulia. Daktari Chenge alimuuliza kijana anajisikiaje, akiwa ameinamia karatasi. Malimi hakujibu. Daktari akauliza tena. Kisha aliinua uso, na kijana akajibu papo hapo.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisimama nyuma ya Malimi akamnong'oneza, hakuna kitu. Akagonga chuma cha kupimia masikio, kile chenye mlio mwembamba, akakisogeza sikio hadi sikio. Malimi aliendelea kutazama ukutani.

"Mama, huyu alianza lini kutosikia?"

"Sasa ni miaka minne hivi. Tulifikiri ni utundu."

"Na wajomba zake? Wako wapi?"

Swali hilo halikuwa na Masalu wa kulijibu.

"Walikufa," alisema Bernadeta.

"Kwa nini?"

"Walivimba."

"Walikuwa wanasikia?"

Aliufunga mkoba wake. Halafu akasema hapana, walikuwa viziwi wote wawili, lakini walifanya kazi jineri. Daktari akauliza: uziwi ulianza kabla ya jineri au baada? Na walipokuwa watoto walikojoa mkojo mwekundu? Bernadeta alisema hajui. Yeye ni wa mwisho kuzaliwa, alipopata akili kaka zake walikuwa tayari na mapamba kwenye nywele.

"Nani anajua?"

"Mama yangu."

"Basi nahitaji maneno yake," daktari alisema. "Kama ni mashine zilizowaua masikio, hayo ni mambo mawili tofauti yaliyokutana, na nitaendelea kutafuta. Kama walikuwa hivyo tangu utotoni, mkojo na masikio kwa pamoja, basi huyu ana ugonjwa wa kuzaliwa nao, na nitajua nalinda kitu gani. Kwa sasa asipewe tena vidonge vya kichocho, wala dawa za maumivu, wala sindano ambayo mimi sijaiona, maana zipo zinazoua masikio na figo pamoja. Na mizizi ndiyo kabisa, mama. Figo hizi hazina akiba ya kupoteza."

Bernadeta alitoka pale akiwa na mambo mawili ya kuchagua, na mambo yote mawili yalikuwa na ubaya. Akivuka ghuba atakuwa amevunja sharti la ndoa, na watu wa mumewe wangeweza kumrudisha kwao, kwao ambako nyumba ilishachomwa. Asipovuka, mtoto atakwenda kunywa mizizi ya Magu. Nimewahi kusikia watu wakisema alikuwa jasiri. Yeye anasema aliogopa vibaya sana, ila aliuogopa zaidi ule uso uliovimba.

Alimchukua Malimi Jumamosi. Walipanda basi hadi Kigongo, wakangoja feri ya Busisi pamoja na malori ya pamba na akina mama wenye ndizi. Malimi aliuliza wanakwenda wapi. Mama yake alimwambia wanakwenda kwa bibi. Kijana, ambaye alikuwa ameshasikia kwa watoto wa Ngosha kwamba bibi huyo anakula watoto wa kiume, alishika bomba la feri kwa mikono miwili, lakini hakukataa.

Paskazia alikuwa amekaa mbele ya chumba chake akichambua mchicha. Alikuwa amezeeka kuliko ilivyotarajiwa, na macho yalikuwa mekundu bado. Bernadeta alipiga goti, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Aliendelea na mchicha kidogo, kama mtu anayeogopa kwamba akiinua uso yule aliyekuja hatakuwepo. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Huyu ni Malimi."

Malimi alikuwa amesimama mbali, ametazama pembeni. Bibi alisimama. Hakumwita. Alizunguka mpaka akawa mbele yake kabisa, akamshika kidevu taratibu akageuza uso wake upande wa mwanga, na yeye mwenyewe akasimama mahali ambapo jua lilimwangaza mdomo. Kisha akaishusha sauti yake chini, nzito kama ya mwanamume, akasema pole pole: "Mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula, bibi," alisema Malimi. "Shikamoo."

Bernadeta alipata aibu ambayo hajaisahau. Miaka minne yeye alikuwa anampigia kelele mtoto huyu kutoka jikoni kwa sauti kali, naye bibi aliyemwona leo tu alikuwa amemfikia kwa neno moja.

"Umejuaje kwamba hasikii?" aliuliza.

"Ananitazama mdomoni. Nimelea wawili."

Hapo yakatoka yote, na hayakuhitaji kuvutwa, yalikuwa yamekaa muda mrefu bila wa kuyauliza. Shimba alikojoa mkojo wa chai kila alipopata mafua, tangu akiwa anatambaa. Jonathan vilevile. Walipofika darasa la tatu walimu waliwachapa kwa kutosikia, na Shimba akaacha shule kwa ajili hiyo. Na kaka yake Paskazia mwenyewe, aliyekufa zamani kijana, alikuwa hivyo hivyo, wala yeye hakuwahi kuona jineri kwa macho.

"Lakini jineri ndiyo iliyowaziba masikio," alisema Bernadeta. "Kila mtu anasema."

"Nani alikuwa na muda wa kuniuliza mimi? Mnyapara wa jineri aliwachukua kwa sababu walikuwa viziwi tayari. Vijana wengine waliikimbia ile mashine kubwa kwa kelele. Wanangu hazikuwasumbua. Akawaweka hapo, akasema hawa ndio wafanyakazi. Walikuwa wanajivunia, masikini."

Bernadeta aliyarudia maneno hayo kichwani njia nzima ya kurudi, asije akayachanganya. Siku ya tatu yake alimwambia mumewe. Hakuchagua saa nzuri, maana hakuna saa nzuri kwa jambo kama hilo. Alimwambia alikokwenda, aliyemwona na alichoambiwa, akamwambia daktari anawataka wote wawili. Masalu alichukua kofia yake. Kisha akasema, "Umempeleka mwanangu kule." Hakumpiga. Alilala kwa Ngosha. Ngosha alimshauri amrudishe mwanamke huyo kwao mara moja, kabla hajammaliza na Winnie. Lakini asubuhi ya miadi Masalu alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali na kofia mkononi.

Bernadeta alisimulia yote, hata ile nyumba iliyochomwa, na safari hii Daktari Chenge alichora. Alichora duara kwa wanawake na mraba kwa wanaume, akaweka weusi kwenye miraba ya waliougua: kaka wa bibi, Shimba, Jonathan, Malimi. Karatasi nzima weusi ulikuwa upande mmoja. Akaeleza kwamba ni kasoro ya kurithi katika utando unaochuja damu kwenye figo, na utando wa aina hiyo hiyo umo ndani kabisa ya sikio, ndiyo maana viwili hivi huharibika pamoja. Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huo. Kuna vidonge vya presha na chumvi kidogo, na kupima mkojo na damu mara kwa mara, ili figo zidumu kadiri zinavyoweza. Mashine ya kusafisha damu hapa Mwanza hakuna. Masikio atafutiwe kifaa, na shuleni akae mbele. Hakupamba maneno, na nadhani alifanya vizuri.

"Ugonjwa huu unatoka wapi?" aliuliza Masalu.

"Unapitia kwa mama. Mama anaubeba, mara nyingi bila kuugua sana. Mtoto wa kiume akiupata, ndiye unayemwumiza."

Masalu alicheka, kicheko kibaya. "Basi kijiji kilisema nini tofauti na hicho?"

Daktari hakukasirika. "Kijiji kilisema bibi huyo alitaka. Mimi nasema alizaliwa nao, kama wewe ulivyozaliwa na hiyo pua, na umempa Malimi bila kuulizwa. Na kama wangemuuliza badala ya kumchomea nyumba, mtoto wako asingekula vidonge vya kichocho miaka minane."

Kisha akaomba mkojo wa Bernadeta. Ulikuwa safi kwa macho, wa rangi ya kawaida. Maabara wakaona damu ndani yake, ile isiyoonekana. Akasema Winnie naye aletwe apimwe. Masalu alimtazama mkewe wakati majibu hayo yanasomwa. Walipotoka nje Masalu alimshika Malimi bega, akamgeuza amtazame, akamwambia Magu hatuendi tena. Kwa Ngosha hakurudi kulala. Kuhusu mama mkwe hakusema aende wala asiende, na kwa mtu kama Masalu huko ni kusogea mbali sana.

Bernadeta alivuka tena mwezi uliofuata, safari hii peke yake, na hakujificha. Njiani alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameijua tangu usichana. Alikuwa anampelekea mama yake kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumpelekea. Alifika, akasalimia, hakungoja hata maji.

"Mayu, hukuwala. Hospitali wamesema. Ni ugonjwa."

Paskazia alikuwa anashona gunia. "Najua sikuwala," alisema. "Nilikuwepo. Mjukuu anaendeleaje?"

Bernadeta akasema anakunywa vidonge, uvimbe umekwisha, masikio hayatarudi. Akasema daktari hajui figo zitadumu kiasi gani, lakini wamewahi kuliko walivyowahi wengine. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ugonjwa wenyewe unatoka wapi.

Bernadeta hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alikuwa amekuja na nusu ya habari, ile nusu tamu, na sasa aliona kwamba nusu nyingine ilikuwa inamngoja hapa hapa. Angeweza kudanganya. Mama yake hakujua kusoma na hakuna mtu ambaye angekuja kumsahihisha.

"Unapitia kwa mama," alisema. "Kwa wanao ulipitia kwako."

Sindano ilisimama kwenye gunia. Miaka yote mwanamke huyu alikuwa amekaa juu ya neno moja tu, kwamba si yeye. Uso wake haukubadilika, ila mikono aliificha chini ya gunia.

"Kwa hiyo walitoka kwangu wakiwa hivyo," alisema.

"Ndiyo, mayu. Na kwangu wamepima. Umo. Malimi ameutoa kwangu."

Paskazia alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimtazama sana. Halafu alilivuta gunia upande wake, akasogea ukutani, akampangusia nafasi kwenye mkeka.

"Kaa," alisema. "Hili mtu hawezi kulibeba amesimama."